Muziki wa Safari ya Kwanza Angani: Anza Juu, Shuka Taratibu

Orodha nyingi zinazoitwa muziki wa usingizi hushindwa kazi kabla ndege haijaacha ardhi. Zimetungiwa mtu aliyekwisha jilaza kitandani, taa imezimwa, chumba kimya na moyo umetulia. Abiria anayepanda ndege kwa mara ya kwanza hana hata kimoja kati ya hivyo. Amekaa wima, amefungwa mkanda, injini zinanguruma, na moyo wake unakwenda mbio. Ukimwekea kinanda kinachodondosha noti moja moja, nusu ya noti zitamezwa na injini, na zile zitakazomfikia hazitamgusa, kwa kuwa ziko mbali mno na mahali alipo.

Ndiyo maana orodha ya ndege haipangwi kwa utamu wa nyimbo peke yake. Inapangwa kwanza kwa kelele za ndani ya ndege, pili kwa hali ya mwili wa msafiri katika kila hatua ya safari. Utamu huja baada ya hapo. Atakayeyazingatia mambo hayo mawili anaweza kujitengenezea orodha kwa nyimbo alizonazo tayari kwenye simu.

Kelele inachokula na inachobakiza

Ndege kubwa ya abiria ikiwa imetulia angani, kelele ndani yake huwa karibu desibeli 75 hadi 85, kutegemea aina ya ndege na kiti ulichokalia. Katika ndege zenye injini chini ya mabawa, viti vya mbele kwa kawaida huwa na kelele pungufu kuliko vya nyuma. Sehemu kubwa ya kelele hiyo ni sauti nzito ya chini, mngurumo usiokatika wa injini na wa hewa inayosugua mwili wa ndege. Sauti nzito ina tabia ya kuzifunika sauti nyingine: kwanza zilizo chini kama yenyewe, kisha zile nyororo zilizo juu yake kidogo.

Matokeo yake ni kwamba gitaa la besi hupotea, ngoma kubwa husikika kama mtu anayegonga mlango wa mbali, na wimbo uliokuwa umejaa unabaki mifupa. Kinachosalia vizuri ni ala za sauti ya kati zinazodonolewa kwa vidole, kama udi, kanuni, kora na gitaa kavu. Kila noti yake huanza kwa ncha iliyo wazi, na ncha hiyo huupenya mngurumo hata sauti ya simu ikiwa ya chini.

Adui mkubwa zaidi ni muziki wenye tofauti kubwa kati ya sehemu ya upole na sehemu ya kishindo, na hapa ndipo muziki mwingi wa okestra unapoharibikia. Kinachotokea ni hiki. Fidla zinaanza kwa kunong'ona, husikii kitu, unaongeza sauti. Dakika tatu baadaye tarumbeta zinaingia na wewe unaruka kitini. Mtu mwenye hofu akishtuliwa hivyo mara moja, hafungi tena macho. Tafuta muziki ambao sauti yake ni sawasawa mwanzo hadi mwisho.

Hedifoni zenye kuzima kelele hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Mhandisi Amar Bose alilipata wazo lake mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, baada ya kuona kwamba kelele za ndege ziliuharibu muziki aliokuwa akiusikiliza. Kipaza sauti kidogo ndani ya hedifoni husikiliza kelele, na spika hutoa wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yakauana. Hila hii hufanya kazi vyema kwa mngurumo wa chini usiobadilika. Kwa sauti za juu zinazobadilika kila mara, kama kilio cha mtoto au maongezi ya jirani, msaada wake ni mdogo. Kwa hiyo usishangae injini zikinyamaza na mtoto wa kiti cha nyuma akasikika vizuri kuliko kabla. Hapo muziki unapata kazi yake: kumfunika mtoto, sasa injini zimekwisha funikwa.

Asiye na hedifoni za aina hiyo achukue zile za mpira zinazoziba tundu la sikio sawasawa. Zenyewe huzuia kelele nyingi, na humwokoa mtu na kishawishi cha kupandisha sauti mpaka juu. Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80; ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Anayeshindana na injini kwa kupandisha sauti anaweza kuimaliza haki ya wiki nzima kabla hajafika nusu ya safari.

Lipo jaribio lisilo na gharama. Isikilize orodha yako ndani ya basi linalokwenda kasi kwenye barabara kuu, sauti ya simu ikiwa katikati. Wimbo uliokulazimisha uguse kitufe cha sauti, kupandisha au kushusha, uondoe. Utakusumbua hivyo hivyo angani.

Mwili hauburutwi, unapokelewa

Mwaka 1948 daktari wa akili wa Marekani, Ira Altshuler, alieleza kanuni ambayo watabibu wa muziki wanaitumia hadi leo: anza na muziki unaolingana na hali aliyonayo mgonjwa sasa, kisha uusogeze kidogo kidogo kuelekea hali unayoitaka. Wazazi wetu waliijua bila daktari. Mama anayembembeleza mtoto anayelia kwa nguvu hamnong'onezi; huanza kwa sauti iliyo karibu na kilio chenyewe na mtikiso wa haraka, kisha hupunguza vyote viwili kadiri mtoto anavyopungua.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wa mwenye hofu unaweza kuvuka 100. Huyo ukimpa muziki wa mapigo 60 tangu mwanzo, atabaki na hofu yake na muziki utabaki peke yake. Mpe wa 105 au 110 ambao mguu wake utaufuata wenyewe, kisha 90, kisha 75, kisha 60.

Kuhesabu ni rahisi. Washa wimbo, gonga meza kwa kidole pamoja na mdundo kwa sekunde 15, halafu zidisha kwa nne. Fanya vivyo hivyo kwenye mshipa wa kifundo cha mkono na utajua moyo uko wapi.

Utafiti unaeleza kwa nini njia hii inasaidia. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha katika jarida la Heart matokeo ya kuwapima watu wakisikiliza muziki wa aina mbalimbali. Pumzi na mapigo ya moyo yalipanda muziki ulipokuwa wa kasi, hata kwa mtindo ambao msikilizaji hakuupenda. Lakini jambo lililowashangaza wengi ni jingine: kimya cha dakika mbili kilichowekwa katikati ya muziki kiliwatuliza watu kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza kusikiliza. Hao walikuwa watu 24 wenye afya, wamelala maabara, si abiria wenye hofu, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti mzigo usio wake. Hata hivyo unatupa vitu viwili vya kutumia: kasi ni muhimu kuliko mtindo, na kimya ni sehemu ya orodha.

Kuna suala la maneno pia. Wakati wa kuruka, maneno ni msaada. Akili inayofuata kisa cha wimbo haipati nafasi ya kuchunguza kila mlio wa ndege. Wakati wa kulala, maneno yale yale ni kikwazo. Taarabu ndiyo mfano mzuri kwa sisi wasikilizaji wa Kiswahili: imejaa mafumbo, na sikio lililozoea mafumbo haliachi kuyafumbua. Utajikuta saa nane za usiku, juu ya mawingu, ukijiuliza mwimbaji alimlenga nani. Ukitaka ladha ileile bila kazi hiyo, tafuta bashrafu, zile tungo za ala tupu ambazo vikundi vya Zanzibar hupiga kabla waimbaji hawajaanza. Udi, kanuni, fidla na nai huzunguka kwa utulivu bila mtu kukuteta.

Rumba nayo ina mtego wake. Nyimbo nyingi za Kongo huanza polepole, mwimbaji akalalama, kisha likaja sebene na magitaa yakakimbia. Kwa mtu anayetaka kulala huo ni mwelekeo uliopinduka. Wimbo utakulaza dakika nne za kwanza na kukuamsha ya tano. Rumba iwekwe wakati wa kuruka, ambapo sebene linafaa kabisa.

Safari moja, hatua kwa hatua

Tuchukue safari ndefu kuliko zote zinazotoka Nairobi bila kutua njiani: ile ya Kenya Airways kwenda New York, iliyoanza Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787. Ni saa 14 hadi 15 hivi, ndege ikiondoka karibu na saa sita za usiku na kufika asubuhi ya Marekani. Msafiri ni mama wa miaka hamsini na kitu, anakwenda kumwona mwanawe aliyejifungua, na hajawahi kupanda ndege. Anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lake, na ujanani alicheza sana rumba. Alitaka jambo moja tu: "Niwekee kitu kitakachonisahaulisha niko juu."

Kitu kimoja hakitoshi. Mama huyo alipata orodha nne fupi, kila moja na jina lake kwenye simu.

Ya kwanza, "Kuruka", ina dakika 30. Inafunguliwa kwa rumba anayoijua neno kwa neno, ya mapigo kama 110, yenye urefu wa zaidi ya dakika nane. Urefu una sababu. Wimbo unawashwa ndege inapokata kona kuingia barabara ya kurukia, na unapaswa kuwa bado unaendelea wakati injini zinapopunguza nguvu. Jambo hilo hutokea muda mfupi baada ya magurudumu kuacha ardhi: rubani hupunguza msukumo wa kuruka kuwa msukumo wa kupanda, mlio wa injini hushuka ghafla, na mwili huhisi kama umezama kidogo. Wageni wengi wa ndege hudhani injini imezimika. Huu ndio wakati mbaya kuliko wote kwa wimbo kumalizika na kuacha pengo la kimya. Kabla yake utasikika mgongano wa magurudumu yanayoingia tumboni mwa ndege, na baadaye mlio wa vibao vya bawa vinavyorudishwa ndani. Mama alielezwa yote haya mapema, kwa sababu muziki humsaidia zaidi anayejua anachofunikiwa.

Baada ya rumba zinafuata nyimbo tatu za kwaya yake, za mapigo 90 hadi 100. Hizi hazisikilizwi tu, anaziimba kwa midomo bila kutoa sauti kubwa. Kuimba hurefusha pumzi inayotoka, na pumzi ndefu ya kutoka husaidia kushusha mapigo ya moyo. Wakati wa maelezo ya usalama hedifoni zinavuliwa. Ayasikie, tena yatampa kitu cha kushika.

Kisha saa moja na nusu hivi bila muziki. Ni muda wa chakula, taa zinawaka, wahudumu wanapita na mikokoteni, na hakuna atakayelala. Masikio yanapumzika, betri inatunzwa.

Orodha ya pili, "Kushuka", ina dakika 40 na inaanza taa zinapozimwa. Inafunguliwa na vipande vya albamu ya mwaka 2005 ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté wa Mali, In the Heart of the Moon, gitaa na kora zikizungumza bila haraka. Baada yake unakuja wimbo wa Ayub Ogada, Kothbiro, kutoka albamu yake ya mwaka 1993: nyatiti na sauti ya upole inayorudia yaleyale. Mama huyu hajui Dholuo, kwa hiyo maneno kwake ni mlio tu. Msikilizaji wa Kisumu angechaguliwa kingine. Orodha inafungwa na bashrafu mbili. Kati ya vipande viwili vya mwisho kuna dakika mbili za kimya, lile somo la Bernardi. Kimya hicho kinatengenezwa kwa kurekodi chumba tulivu kwa simu na kuiingiza rekodi hiyo kama wimbo.

Ya tatu, "Kulala", ina vipande vichache na virefu, kwa sababu kila wimbo unapobadilika sikio huamka kidogo kuuliza nini kimetokea. Kipo kipande cha udi cha Hamza El Din, Mnubi, kiitwacho Escalay, kilichotoka mwaka 1971. Kinapita dakika 20, na kimejengwa juu ya mzunguko wa gurudumu la maji la mashambani kwao, noti zikizunguka na kuzunguka. Baada yake kipo kipande cha kwanza cha Music for Airports ya Brian Eno, ya mwaka 1978, kinachopita dakika 16, kinanda kikijirudia bila kufika popote. Eno alitaka muziki ambao tangazo la uwanjani likiukatiza hauharibiki, na sifa hiyo inafaa ndani ya ndege vilevile, maana matangazo hayaishi. Kinanda hicho ni chepesi na bila hedifoni za kuzima kelele kingezama. Mama aliazimwa za mwanawe wa Nairobi.

Wako wanaopendelea Sleep ya Max Richter, ya mwaka 2015, yenye urefu wa saa nane na nusu na iliyotungwa makusudi kwa mtu aliyelala. Ni kazi nzuri, lakini uzito wake uko kwenye sauti za chini na nyuzi nyororo, hasa zile zinazomezwa na injini. Bila hedifoni nzuri, usiitegemee.

Orodha hii haichezi usiku kucha. Inapigwa mara moja na kujizima baada ya dakika 45 kwa kipima muda. Kwenye iPhone kinapatikana ndani ya Clock, Timer, kwa kuchagua Stop Playing. Muziki ukishaleta usingizi umemaliza kazi, na ukiendelea unaweza kuwa wenyewe ndio unaomwamsha mtu.

Ndege ikianza kutikisika

Ndege zinazotoka Afrika Mashariki kwenda kaskazini hukatiza ukanda wa mawingu ya ngurumo ulio karibu na ikweta, na mara nyingi mtikisiko huja katika saa za mwanzo, usingizi ukiwa ndiyo kwanza umeingia. Hapa wasafiri wengi hufanya kosa la kurudia muziki wa kulala, wakiongeza sauti. Haushiki, kwa sababu mwili umerudi pale ulipokuwa wakati wa kuruka, na udi wa mapigo 60 umeachwa nyuma tena.

Orodha ya nne, "Mtikisiko", ina nyimbo tatu tu: ileile rumba ya kwanza, wimbo mmoja wa kwaya wa mapigo 90, na kipande kimoja cha kora. Ni ngazi ileile ya kushukia, iliyofupishwa kuwa dakika 20. Mama alifundishwa kupumua nayo. Kwenye wimbo wa mwisho, ambao mapigo yake yanakaribia 60, kila pigo ni kama sekunde moja: vuta pumzi kwa mapigo manne, itoe kwa sita. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Mtu akiona hesabu inampotea kila mara, ni dalili kwamba amewahi wimbo wa polepole. Arudi nyuma hatua moja.

Kuna hofu ambayo muziki hauwezi nayo. Anayeishiwa pumzi au kuhisi anakufa kila akifikiria ndege amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Tena baadhi ya watu wanaposhindwa kuisikia ndege kabisa ndipo wanapoogopa zaidi. Hao wazime kazi ya kuzima kelele, waache mngurumo uingie kidogo chini ya muziki.

Mambo ya simu yanaharibu orodha nyingi kuliko muziki wenyewe. Nyimbo za huduma za mtandaoni zipakuliwe nyumbani, kisha simu iwekwe Airplane mode na kila orodha ichezwe pale pale sebuleni. Wimbo ambao haujapakuliwa utajitaja wenyewe. Shuffle izimwe, maana mpangilio ndiyo dawa. Uchukuliwe pia waya wa hedifoni, kwa sababu skrini nyingi za vitini hazipokei Bluetooth.

Ndege huanza kushuka karibu nusu saa kabla ya kutua, na hapo hakuna orodha. Aliyelala humeza mate mara chache, na asiyemeza hubanwa masikio hewa inapobadilika. Mama aamke, avue hedifoni, atafune pipi. Kazi ya muziki ibaki moja tu: akishafika kwa mwanawe, afungue simu na kufuta kila wimbo uliomfanya afumbue macho autafute. Safari ya kurudi itakuwa na orodha fupi kuliko ya kwenda, na bora kuliko yoyote ambayo mimi ningempangia.